Kufunga kundi la WhatsApp la mtaa bila kupoteza risiti: kuanzia tangazo hadi siku ya mwisho

Tangazo la kwanza nililoandika lilikuwa la mstari mmoja: "Kundi hili litafutwa mwisho wa mwezi, kila mtu ahifadhi vitu vyake." Nililituma saa mbili usiku nikidhani nimemaliza kazi. Kufikia saa tatu nilikuwa nimepigiwa simu na watu watano. Mama mmoja aliuliza kama picha za harusi ya binti yake, zilizo kwenye simu yake, zitafutika pia. Kijana wa nyumba ya nyuma alitaka kujua mwisho wa mwezi ni siku ya mshahara au ni tarehe 30. Na mzee aliyetununulia vyuma vya geti, alipoona kundi linakufa, alitoka palepale. Risiti zote za vyuma zilikuwa kwenye simu yake.

Kundi lenyewe lilikuwa la mtaa wetu hapa Migosi, Kisumu. Lilianzishwa mwaka 2022 kwa ajili ya mchango wa geti, taa mbili za barabara na mshahara wa askari wa usiku. Lilifika watu 86. Baada ya muda nusu ya wapangaji walikuwa wamehama, na kila asubuhi tulikuta viungo vya mikopo na kamari vya watu tusiowajua. Wenye nyumba wakaamua kuanza kundi jipya dogo na kulifunga la zamani. Mimi nikiwa admini nikapewa kazi hiyo, nikaikosea mara ya kwanza kama nilivyosema, kisha nikairudia. Haya ndiyo niliyofanya mara ya pili.

Kwanza elewa "kufuta" maana yake nini

Kwenye WhatsApp, ujumbe na picha za kundi hukaa kwenye simu ya kila mwanachama. Hakuna kabati moja mahali fulani ambalo admini analifunga na kila kitu kikapotea. Ukitaka kulimaliza kundi, unawaondoa wanachama, kisha unatoka mwenyewe, ndipo unalifuta kwenye simu yako. Aliyeondolewa bado analiona kundi kwenye orodha yake na anaweza kusoma ya zamani, ila hawezi kuandika. Litatoweka kwake siku atakapolifuta mwenyewe.

Kwa hivyo swali la yule mama lilikuwa na jibu jepesi: picha zake haziguswi. Tarehe ya mwisho ina kazi nyingine, na ni vyema uielewe kabla ya kuandika chochote. Ni siku ya mwisho ambayo mtu anaweza kusema, "Jamani, nani ana ile barua ya ruhusa ya geti? Yangu haifunguki," na mwingine akamtumia. Baada ya hapo hakuna pa kuulizia.

Maswali ya aina hiyo yatakuja mengi kuliko unavyofikiri. Picha ambayo mtu hakuipakua wakati ilipotumwa haikai kwenye mitambo ya WhatsApp milele. Akiigusa leo, miaka mitatu baadaye, anaona ukungu na mshale, kisha anaambiwa faili haipo tena na amwombe aliyetuma atume upya. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyefuta picha kwenye galari ili apate nafasi: ujumbe unabaki kundini, picha haipo. Aliyebadilisha simu bila kuhifadhi nakala hana kitu kabisa. Na aliyeingia juzi kwa kawaida haoni yaliyotangulia. Unaweza kuwa na watu 86 ambao wote "wanalo kundi" lakini ni watu wawili tu walio na risiti ya taa.

Kama kundi lenu liko Telegram, mambo ni tofauti na makali zaidi. Huko faili ziko kwenye mitambo yao, na mwenye kundi akilifuta linawatoka wote. Mwongozo huu ni wa WhatsApp.

Kabla ya kutangaza: hesabu vilivyomo

Usitangaze tarehe kabla hujajua kuna nini cha kuokoa. Fungua kundi, gusa jina lake juu, kisha "Media, links, and docs". Upande wa "Docs" ndio wa kwanza, maana PDF chache huwa na uzito kuliko picha mia tatu za geti likichomelewa.

Mimi nilikaa na katibu jioni moja tukapanga mafungu matatu kwenye daftari. La kwanza lilikuwa karatasi za mtaa: kumbukumbu za mikutano, barua ya ruhusa, orodha ya michango ya kila mwezi, risiti za vyuma, taa na fundi. Zilikuwa faili 23, pamoja na picha 41 za risiti zilizopigwa kwa simu. Fungu la pili lilikuwa picha na video za watu, kama ile siku tulipozindua taa. La tatu lilikuwa vitu visivyopaswa kuhifadhiwa na yeyote: picha za vitambulisho ambazo wapangaji walituma wakati askari alipotaka majina, na namba ya akaunti ya benki ya mtu aliyeituma hapo kwa kukosea kundi.

Fungu la tatu husahaulika. Niliwapigia wenyewe mmoja mmoja kabla ya tangazo, nikawaeleza kwamba karibuni watu watakuwa wakihamisha kila kitu kwenye flashi. Wenye vitambulisho waliniruhusu niviondoe. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama kwa kila mtu kwa takriban siku mbili tu tangu utumwe; wa zamani zaidi kila mmoja hufuta kwenye simu yake, na nakala iliyokwisha kuingia kwenye galari ya mtu inaweza kubaki huko. Tulipunguza hatari tu.

Fungu la kwanza ndilo linalokuhusu wewe kama admini. Usiwaachie watu 86 wahifadhi risiti za mtaa, kila mmoja akidhani mwenzake amehifadhi. Chagua watu wawili, kwetu katibu na mweka hazina, waokoe fungu hilo lote kabla tangazo halijatoka. Tangazo likitoka, wengine watakimbia. Mzee wa vyuma alinifundisha hilo. Ilinibidi nimfuate nyumbani kwake na soda mbili ndipo akanitumia risiti.

Kuhifadhi mazungumzo, na mahali inapokwama

Ndani ya kundi gusa nukta tatu, kisha "More", kisha "Export chat". Kwenye iPhone kitu hicho kiko upande wa chini wa ukurasa wa maelezo ya kundi. Utaulizwa kama unataka pamoja na picha au bila picha. Usipoliona chaguo hilo au likikataa, angalia kama mipangilio ya faragha ya juu, "Advanced chat privacy", imewashwa. Ikiwashwa inazuia watu kutoa mazungumzo nje, basi admini aizime kwanza.

Katibu wetu alichagua pamoja na picha, akapata faili, akafurahi. Nilipoifungua nikatazama mstari wa kwanza kabisa: ulikuwa wa Agosti 2024. Michango ya geti ilikuwa ya 2022 na 2023. Hakukuwa na hitilafu yoyote. Ukitoa pamoja na picha, WhatsApp inakupa takriban ujumbe 10,000 wa mwisho, na bila picha takriban 40,000. Kundi letu lenye kelele lilikuwa limepita 10,000 zamani sana, na mwaka tuliouhitaji ndio uliokatwa.

Kwa hivyo toa mara mbili. Mara ya kwanza bila picha, upate maneno yote tangu mwanzo. Mara ya pili pamoja na picha, upate miezi ya karibuni. Kisha fungua ile faili ya maneno na uangalie tarehe ya mstari wa kwanza. Kama si ya siku kundi lilipoanza, bado kuna pengo. Mistari itafanana na hii:

```
14/03/2023, 19:42 - Mweka Hazina: Risiti ya taa
14/03/2023, 19:43 - Mweka Hazina: <Media omitted>
```

Mstari wa pili unakuambia palikuwa na picha na haimo kwenye faili hii. Tulitafuta maneno hayo ndani ya faili, tukasimama kila palipozungumzwa risiti, tukarudi kundini tarehe hiyo na kuchukua picha moja moja. Zilikuwa 41, kama nilivyosema, na ilituchukua jioni mbili na chai nyingi.

Kuna jambo dogo linalochekesha. Majina kwenye faili ni yale aliyoyaandika mwenye simu. Katibu alikuwa amemhifadhi jirani mmoja kama "Kelele za Mbwa". Faili hiyo ingesomwa na kamati nzima. Mtu anayetoa mazungumzo apitie majina kwenye simu yake kwanza.

Na usitegemee kwamba faili hiyo itarudishwa WhatsApp siku moja. Hairudi. Ni maandishi ya kusoma na kuchapisha tu.

Ukienda saiba

Wengi hapa hawana kompyuta nyumbani, kwa hivyo kazi itafanywa saiba kwa waya na flashi. Kwenye simu za Android, faili za WhatsApp ziko hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media
```

Ndani yake utaona `WhatsApp Images`, `WhatsApp Documents` na nyinginezo. Shida ni kwamba folda hizo hazijagawanywa kwa makundi. Picha za mtaa, za familia, za kliniki na za mtu wako wa karibu zote zimo pamoja, na majina yake ni kama `IMG-20230314-WA0007.jpg`, yaani tarehe na namba tu. Ukinakili folda nzima kwenye kompyuta ya saiba, umeacha maisha yako yote juu ya meza ya mtu. Afadhali kwanza uchague vya mtaa, uviweke kwenye folda moja mpya ndani ya simu, kisha unakili folda hiyo tu. Ukimaliza hakikisha hakuna nakala iliyobaki kwenye kompyuta.

Ukubwa usikutishe. Faili zetu 23, picha 41 na maandishi yote vilikuwa chini ya megabaiti 50. Tuliweka kwenye flashi mbili, moja kwa katibu na moja kwa mweka hazina, na nakala ya tatu kwenye Google Drive ya mtaa. Kila faili tuliipa jina la kueleweka, kama `2023-03-14 risiti taa.jpg`, kwa sababu lile jina la WA0007 halitamwambia mtu chochote mwaka ujao.

Kwa michango ya M-Pesa, picha ya skrini isiwe ndiyo kumbukumbu yenu pekee. Mweka hazina anaweza kuomba taarifa ya laini yake kupitia *334# au app ya M-Pesa, ikaja kama PDF kwa barua pepe. Afanye hivyo kundi likiwa bado wazi, ili anayebisha mchango wake abishe mbele ya wote.

Kuchagua tarehe

Wiki tatu zinatosha. Wiki moja ni fupi kwa aliye safarini, na miezi miwili watu husahau. Tarehe iangukie Jumapili, watu wako nyumbani na watoto wanaojua simu wako karibu. Iwe pia baada ya siku za mshahara, maana kupakua video kunataka bando. Sisi tulitangaza Jumapili tarehe 9 Novemba 2025 na kuweka mwisho Jumapili tarehe 30. Desemba tuliikwepa makusudi: watu wengi huenda ushago, na mtandao wa huko wengine ni wa kupanda kilimani.

Kwenye saa, kuwa mwangalifu. Nilikuwa nimeandika "saa sita usiku Jumapili", na watu wakagawanyika: wengine wakaelewa Jumamosi kuamkia Jumapili, wengine Jumapili kuamkia Jumatatu. Chagua saa isiyo na utata. Saa tatu usiku, Jumapili, haina mabishano.

Tangazo lenyewe

Tangazo zuri linajibu maswali kwa mpangilio ambao watu watayauliza: nini, lini, changu kitapotea, nifanye nini, nikikwama nimwone nani. Sababu itajwe kwa sentensi moja tu, isigeuke kesi. Letu la pili lilikuwa hivi:

> Majirani, hamjambo. Kamati ilikubaliana kwamba kundi hili la geti na taa lifungwe, kwa kuwa kazi imekamilika na wengi wamehama.
>
> SIKU YA MWISHO: Jumapili tarehe 30 Novemba 2025, saa tatu usiku. Hadi hapo kundi liko wazi, ulizeni na mtumiane mnachohitaji.
>
> Picha zilizo tayari kwenye simu yako hazitafutika. Lakini picha inayoonekana na ukungu hujaipakua. Iguse sasa. Ikikataa, andika hapa tarehe ya picha hiyo ili mwenye nayo akutumie tena.
>
> Risiti, kumbukumbu za mikutano na orodha ya michango vimehifadhiwa na katibu na mweka hazina. Ukitaka kuona mchango wako, muulize mmoja wao.
>
> Tafadhali usitoke kabla ya tarehe 30 ikiwa uliwahi kutuma risiti au barua hapa.
>
> Baada ya saa hiyo hakuna atakayeweza kuandika. Jumatano tarehe 3 Desemba nitaondoa wanachama wote. Ukiondolewa usione vibaya, si ugomvi.

Sentensi ya mwisho niliiongeza kwa sababu kuondolewa kundini, kwetu, ni kama kufukuzwa matanga. Bila maelezo ungepokea simu za lawama.

Baada ya kutuma, libandike juu. WhatsApp inakuruhusu kubandika kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Chagua 30. Kisha nilirekodi ujumbe wa sauti wa dakika moja na nusu kwa Kiswahili, na jirani akarudia kwa Dholuo, kwa ajili ya wazee ambao ujumbe mrefu wanauruka. Wanne waliokuwa wakichanga lakini wanatumia kabambe tuliwapigia simu. Tangazo la kundi haliwafikii, na michango yao imo kwenye orodha kama ya mwingine yeyote.

Kumbusha mara mbili tu. Tulikumbusha tarehe 23 na tarehe 28, na kila mara nilirudia tarehe na saa kwenye mstari wa kwanza. Ukikumbusha kila siku watu watanyamazisha kundi, na ndiyo siku watakayokosa lililo muhimu.

Kishawishi cha kulifunga kundi mapema ili matangazo ya kamari yakome kitakujia. Kikatae. Ukiruhusu admini pekee kuandika, umezuia maombi yale yale uliyoyawekea tarehe. Badala yake, siku ya tangazo batilisha kiungo cha mwaliko kwa "Reset link", wasiingie wageni wapya, na uwaondoe wale wa kamari.

Siku ya mwisho na baada yake

Jumapili hiyo maombi 11 yalikuja kati ya saa kumi na moja jioni na saa tatu. Karibu yote yalikuwa ya picha za uzinduzi wa taa, na mtu mmoja tu, fundi, alikuwa bado nazo zote. Saa tatu nilibadilisha ruhusa za kundi ili admini pekee waandike, nikatuma ujumbe mmoja wa mwisho wenye majina ya katibu na mweka hazina, na nikasubiri siku tatu. Siku hizo ni za aliyekuwa bila chaji au bila bando. Aliyekosa kitu alinipigia, na nikakituma kundini kwa niaba yake.

Jumatano nilianza kuondoa. Fanya hivi kwa mpangilio: wanachama wa kawaida kwanza, admini wengine mwisho, kisha wewe mwenyewe. Usifanye kosa la kutoka kwanza. Admini pekee akitoka, WhatsApp humteua mwanachama mwingine kuwa admini, na kundi linaendelea bila wewe na bila mpango. Nilisikia la mtaa mwingine lililofanywa hivyo na leo linauza viatu.

Nilipobaki peke yangu niliangalia kiungo cha mwaliko mara moja tena, nikatoka, ndipo nikagusa kulifuta. Hapo simu inauliza kama ifute pia picha na video za kundi hilo kwenye galari. Soma kabla ya kukubali. Kisanduku kile kikiwa na alama, picha nazo zinaenda, na wanachama wako watakutana na swali hilo hilo kila mmoja kwa wakati wake. Nilikuwa nimewatahadharisha kwenye ujumbe wa mwisho. Wawili hawakuusoma.

Wiki ya pili ya Desemba mwenye nyumba mmoja alitaka risiti ya taa ili adai fidia ya taa iliyoungua. Mweka hazina alichomeka flashi, akatafuta "taa", na faili ya tarehe 14 Machi 2023 ikatokea ya kwanza.